Msichana wa Kengele na Mchezaji Aliyerudi

Nilichokiona kwanza ni mguu. Msichana wa kwenye skrini alikuwa amesimama kando ya kengele, na wayo wa mguu wa kushoto ameuweka juu ya mguu wa kulia, kama mtu anayekwepa ubaridi wa sakafu. Watu wengine wote aliowachora kaka kwenye mchezo wanasimama wima: walinzi, wauza ramani, hata vizuka. Mimi husimama hivyo ninapongoja maji yachemke. Nikaangalia chini, nikajikuta nimesimama hivyo hivyo nyuma ya kiti cha kaka. Nikaushusha mguu taratibu. Sikumuuliza.

Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la vitambaa. Cherehani za chini hazinyamazi, na ukikaa kimya kwa muda unaona kama nyumba yenyewe inapumua. Kaka ndiye anayebuni mchezo wa kompyuta tunaoutengeneza: nani unakutana naye njiani, anakuambia nini, na ukichagua hivi nini kinakupata. Binamu yetu, binti wa shangazi, ndiye anayeandika programu, na anapoandika huongea na kompyuta kama mtu anayegombana na mume. Mimi ni wa rangi. Ukungu wote uliomo kwenye mchezo ni wangu. Naupaka juu ya kibao cha kuchorea, tabaka juu ya tabaka, jeupe, la kijivu, la buluu kidogo, mpaka nisahau niko wapi na nijisikie nimelowa nywele.

"Bi Ukungu," binamu huniita, "toka huko bondeni, chai inapoa."

Bonde lenyewe halimo kwenye njia kuu ya mchezo. Ni kisa cha pembeni, unaweza kukipita usikione na bado ukafika mwisho. Lakini ukikata kona unamkuta msichana anayepiga kengele kila jioni ili waliopotea kwenye ukungu wafuate mlio. Kabla yake alipiga mama yake, na mama sasa hawezi kuinuka. Msichana hawezi kuiacha kengele maadamu bado inaweza kulia. Ukiung'oa ulimi wa kengele, kile chuma cha ndani kinachoigonga, anakuwa huru na anaondoka nawe. Lakini bonde linanyamaza moja kwa moja, na walio ndani ya ukungu hawatoki tena. Ukiuacha, yeye anabaki.

Kaka alikataa kuweka zawadi upande wowote. "Nikiweka upanga upande mmoja, wote watachagua upanga," alisema. "Hapo sitakuwa nimewauliza kitu."

Na huwezi kubadili uamuzi. Ukishachagua tu, mchezo unajihifadhi wenyewe, palepale, na kufuta ulipokuwa kabla. Binamu ndiye aliyelitengeneza hilo. Anaweka alama ndogo ndani ya faili, na kila mahali utakapokwenda baadaye panasoma ile alama kwanza. Palepale bondeni huoni tofauti kubwa. Ni mbele sana, ukiwa umeshasahau, ndipo unafika sokoni na kuona meza ya muuza ramani iko tupu, kwa sababu alikuwa njiani kupitia bondeni na hakusikia kengele. Au, kama ulimwacha msichana, basi kila jioni mpaka mwisho wa mchezo unasikia kengele kwa mbali, chini ya muziki. Kila sura inapopita inalia taratibu zaidi, kwa sababu anayeipiga anazeeka.

Mara ya kwanza binamu alipouweka mlio ule, sote tuliacha kazi tukasikiliza. Cherehani za chini zikawa kama zimo ndani ya mchezo.

Tulipowaita watu waje kujaribu, kisa kikatushinda. Sheria ya kaka ni kwamba mtu akijaribu mchezo, sisi tunakaa nyuma yake bila kufungua mdomo. Humsaidii, humcheki, huguni. Tukakaa. Wakaja wanafunzi wa chuo, akaja fundi wa simu, akaja mke wa jirani. Wote waliung'oa ulimi wa kengele. Waliung'oa upesi, bila hata kusoma.

"Hawachagui," kaka alisema walipoondoka. Alikuwa amelala chali sakafuni. "Wanaokota tu. Mchezo mzima umewafundisha kwamba kinachong'oka king'olewe."

"Mkubwa, hiyo ni kesi yako, si yangu," binamu alisema. "Mimi nimewapa kitufe, wamebonyeza."

"Wenye pesa wanaotudhamini wanakuja Ijumaa. Kisa hiki kisipokaa sawa watasema tukitoe."

"Tukitoe basi. Kina huzuni mno. Mimi nikikicheza nakumbuka kodi ya nyumba."

Kaka hakucheka. Alisema, akiangalia dari, "Hiki hakitoki."

Nilijua kwa nini, na yeye alijua kwamba najua, na miaka yote hatujawahi kulisema. Mama alipougua, kaka alikuwa mbali anasoma. Mimi nilikuwa darasa la sita. Nikaacha shule, nikakaa na mama mpaka siku yake ilipofika, na sikurudi tena darasani, nilikuwa nimeshakuwa mrefu kuliko madawati. Baada ya maziko ndipo kaka alipokuja kunichukua, akanikalisha mbele ya kibao cha kuchorea, akaniambia, "Jaribu." Amekuwa mwema kwangu. Sina neno baya juu yake.

Kesho yake akaja na wazo. Msichana alikuwa hasemi, na kitu kisichosema watu hukiokota. Akampa maneno. Mchezaji akinyoosha mkono kuelekea kengele, msichana ataongea kabla. Na sauti alitaka iwe yangu.

"Mimi?" nilisema.

"Maneno machache tu. Ingia kabatini, kule sauti inatulia."

Kabati letu la makoti ndilo chumba cha kurekodia. Binamu aliniwekea maikrofoni, akanifunika na blanketi kichwani. "Ukizimia gonga mlango," alisema. "Usipogonga tutajua umesinzia."

Ndani mlikuwa na giza lenye harufu ya sufu. Niliwasha taa ya simu nikasoma karatasi ya kaka. Ilikuwa imeandikwa: *Mimi niko sawa. Wewe endelea na safari.*

Nilisoma tena. Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nikimwambia kwenye simu. Aliuliza kila Jumapili, "Uko sawa?" na mimi nikajibu hivyo, mama akiwa nyuma yangu anaita maji. Sijui kama alipoyaandika alikumbuka yalikotoka. Inawezekana yalikuwa yamekaa tu sikioni mwake, kama wimbo usiojua umeusikia wapi. Niliyasema kwa sauti ile ile ya simu. Sikuhitaji kuigiza.

Kisa kikasimama kwa miguu yake. Waliokuja kujaribu walifika kwenye kengele, wakanyoosha mkono, wakasikia, wakasita. Wengine waling'oa, wengine waliacha, na wote walikaa na kidole juu ya kitufe muda mrefu. Kijana mmoja alisema kwa skrini, "Lakini dada, kweli uko sawa?" Kaka akaniangalia kwa furaha, kama amepata mtoto. Mimi niliangalia ukungu.

Alhamisi akapanda mama mwenye duka la vitambaa. Hajawahi kushika mchezo wa kompyuta, alitaka tu kuona kinachofanyika juu ya kichwa chake. Alicheza polepole, miwani puani. Kwenye kengele alisikia sauti yangu, akasema, "Haya mwanangu, Mungu akutunze," akamwacha, akaenda zake. Akafika mbali. Akaukaribia mji wa mwisho. Jioni ya mchezo ikaingia, na kengele ikalia kwa mbali, taratibu.

Alishusha mikono. "Ni yule?"

Sheria ni sheria.

"Ni yule mtoto. Bado yuko kule." Akamgeuza farasi anayempanda mchezoni.

Kaka akainama mbele. Nyuma kule hakuna kitu cha kuchukua, hakuna zawadi, hakuna njia mpya. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiri kwamba mtu angerudi. Mama wa vitambaa alirudi njia yote, akapita daraja, akapita soko, akaingia kwenye ukungu wangu mpaka akaipata kengele. Msichana alikuwa pale. Nilikuwa nimempaka mvi, kwa ajili ya mtu kumwona kwa mbali tu.

Mama wa vitambaa akasogea. Akabonyeza. Na msichana mwenye mvi akasema kwa sauti ya mtoto: "Mimi niko sawa. Wewe endelea na safari."

Akabonyeza tena. Maneno yale yale. Akabonyeza tena.

Akavua miwani, akatugeukia. "Mmemfanya nini huyu?" alisema. "Mtu amekuja mpaka hapa, na yeye hana la kumwambia?"

Aliposhuka, binamu alikuwa wa kwanza kuongea. "Kosa letu. Ile alama inasema tu ameachwa. Haijui kama mtu amerudi. Naweza kuongeza."

"Mruhusu aondoke na mchezaji," kaka alisema upesi. "Akirudiwa, aende naye."

"Halafu? Watu watasikia kwamba ukirudi unampata bure, na bonde linabaki salama. Watamaliza mchezo wao, watarudi kumchukua kama mzigo uliosahaulika. Uchaguzi wote utakuwa kiini macho."

Kaka alijua ni kweli. Alikaa akizungusha kalamu, na uso wake ulikuwa kama ule wa siku ya maziko. "Basi hatoki," alisema hatimaye. "Lakini lazima aseme kitu."

"Aseme nini?" binamu aliuliza.

Kaka alichukua karatasi. Akaandika, akafuta. Akaandika, akafuta. Mchana ulikuwa umelala juu ya meza, vumbi linaelea kwenye mwanga, cherehani zinapumua. Mwishowe akanisukumia ile karatasi ikiwa tupu.

"Mimi sijui," alisema. "Sikuwahi kurudi. Nilikuja yote yalipokwisha." Hakuniangalia. "Sema wewe. Nitaweka utakachosema."

Binamu, ambaye hana siku isiyokuwa na utani, alifungua mlango wa kabati bila neno, akanishikia blanketi.

Nikaingia. Nilijua kwamba kaka amevaa vipokea sauti upande wa pili na kwamba kila pumzi yangu inamfika. Nilifumba macho, ukungu ukaja wenyewe, tabaka juu ya tabaka, na ndani yake nikaona mtu anakuja kwa farasi, amechoka, amerudi njia yote bila kuahidiwa chochote. Haikuwa haki kumwambia uongo mtu kama huyo.

Nikasema:

"Sikuwa sawa. Nilisema hivyo ili uende. Nilitaka uniulize mara ya pili."