Tangazo Lililobandikwa Juu

Kila Jumamosi nusu ya kwaya yangu ilipotelea ukumbi mdogo. Juu kabisa ya kundi letu la simu palibandikwa tangazo: "Leo mazoezi ni ukumbi mdogo." Leo ipi? Rangi ya ukumbi mkubwa ilishakauka zamani!

Nikamvamia shemeji yangu, katibu wetu na admini pekee, akiwa kwenye cherehani yake.

"Shem, libandue hilo kabla sijapasuka!"

"Mwalimu, punguza presha." Akalishikilia tangazo kwa kidole, akachagua "bandua", akafunga simu, akaendelea kushona. Nikaondoka napiga mluzi.

Jumamosi iliyofuata nilifika na kinanda begani. Ukumbi mkubwa, mtupu. Nikakimbilia mdogo, mtupu vilevile! Nikafungua kundi. Kumbe nyuma ya tangazo lile lilikuwepo jingine la zamani zaidi, nalo limeshika nafasi: "Leo hakuna mazoezi."

Nilikuwa natafuta namba ya shemeji nimfokee, mara baba mkwe, sauti yetu nzito kuliko zote, akaingia anatabasamu.

"Baba, wewe hukuliona tangazo?"

"Tangazo gani, mwanangu? Bando liliniishia tangu juzi. Tuanze?"