Kopo la Asubuhi

Kila alfajiri, kabla taa ya jikoni haijawashwa, vidonge viligonga bati. Vilianguka viwili kwenye kifuniko cha kopo, kimoja baada ya kingine, na sauti ile ndogo ilitosha kumwamsha mkwe wa nyumba hiyo. Aliamka, akavimeza kwa chai, akajifunga kilemba na kwenda kwenye tanuri la mikate alikofanya kazi.

Mtu wa kopo alikuwa mama mkwe wake, fundi wa nguo, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani. Tangu mwanawe alipooa, miaka sita sasa, kazi ya kopo, asubuhi na jioni, alijitwika mwenyewe. Hakuombwa na mtu. Binti huyo, mke wa mwanawe, alikuwa na kifafa tangu usichana wake, kliniki yake ilikuwa Jumanne asubuhi tu, na Jumanne asubuhi tanuri halimpi mtu ruhusa. Basi Mama Cherehani alikuwa akichukua kadi, anapanga foleni dirishani, anapigiwa muhuri, anarudi na boksi. Kwa miaka minne mkwewe hakuwa ameanguka hata mara moja, na kila mwezi usio na kuanguka Mama Cherehani aliuona kama nguo aliyoishona ikakaa vizuri mwilini.

Siku moja binti aliomba ruhusa kazini, wakaenda kliniki yeye na Mama Cherehani. Walikwenda kutoa kijiti cha uzazi wa mpango. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu azae mtoto wa kiume aliyekuja na uti wa mgongo ulio wazi na kuishi siku tisa. Sasa yeye na mumewe walikuwa wamekubaliana kujaribu tena, na kijiti kilikuwa ndicho kizuizi cha mwisho, au hivyo ndivyo walivyodhani.

Mkunga aliwapokea kwenye chumba chenye kitanda kimoja na mzani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na ndiye aliyempokea yule mtoto wa siku tisa. Aliwakumbuka. Alivuta kiti na kumpa Mama Cherehani kwanza, kisha akasema kijiti hakitoki leo.

"Kabla ya mimba kuna kazi ya kufanya, dada. Tuifanye kwanza, kijiti hakiendi popote."

Akaanza. Alimpima uzito na shinikizo la damu. Akatoa damu ya kuangalia kama ina upungufu, na kupima sukari, kaswende, virusi vya ukimwi na homa ya ini. Akauliza chanjo. Ya pepopunda ilikuwa imeandikwa kwenye kadi ya mimba iliyopita. Ya rubela hakuna aliyejua, kwa hiyo damu hiyo hiyo ingepimwa, na kama hana kinga angechanjwa sasa, maana chanjo ile haichomwi mimba ikishaingia, na baada ya kuchomwa anasubiri mwezi mzima kabla ya kujaribu. Mume naye alitakiwa aje kupimwa. Mama Cherehani alicheka akasema mwanawe anaogopa sindano kuliko nyoka, na mkunga akasema basi ashikwe mkono na mamake. Wakacheka wote watatu. Kilikuwa kicheko cha mwisho siku hiyo.

Kisha mkunga akauliza dawa anazotumia, zote, hata za maumivu, hata za mizizi. Mama Cherehani akafungua mkoba akatoa boksi kwa fahari, kama anayeonyesha hati ya kiwanja.

Mkunga alisoma jina la dawa. Akalisoma tena. Akavua miwani.

"Hii valproeti anaitumia tangu lini?"

"Tangu ana miaka kumi na sita," alijibu Mama Cherehani. "Hakosi hata siku moja. Mimi ndiye ninayempa."

"Na mimba ile alikuwa anaitumia?"

"Kila siku," alisema binti, polepole.

Mkunga hakuharakisha. Alieleza kwamba dawa hiyo huzuia kifafa vizuri, lakini ikimkuta mtoto tumboni inaweza kumharibu, na uti wa mgongo ni mojawapo ya mahali inapogusa. Kati ya watoto kumi wa namna hiyo, mmoja hivi huzaliwa na kasoro kubwa, na wengine huchelewa akili baadaye. Hakuweza kuapa kwamba ndiyo iliyomdhuru yule mtoto, kwa sababu kasoro ile huwapata hata watoto wa wasiotumia dawa yoyote. Alichoweza kusema ni kwamba hatari ilikuwa kubwa, na kwamba mwanamke anayeweza kuzaa alipaswa kuambiwa hayo kabla ya kupewa boksi, na kuulizwa tena kila mwaka.

"Hukuuliza kwenye mimba ile," alisema binti.

"Ulikuja ukiwa na miezi minane, ukaniambia unatumia dawa ya kichwa, nikaandika dawa ya kichwa." Mkunga aliinamisha uso. "Nilipaswa kuomba boksi. Nisamehe."

Akachukua kadi ya kliniki ya kifafa na kuigeuza. Juu yake paliandikwa umri, miaka kumi na sita, na chini yake, mwanafunzi. Hapakuwa na kilichoongezwa tangu wakati huo isipokuwa mihuri. Sabini na miwili kati ya hiyo Mama Cherehani alikuwa ameipangia foleni mwenyewe.

Ndipo hasira zilipompanda. Aliinuka bila kuaga, akapita korido mpaka kwenye dirisha la dawa. Mtoa dawa alikuwa kijana mpole, ambaye siku za jua kali humsogezea kiti apumzike, na wema huo ndio uliozidi kumchoma sasa.

Alimwuliza kama amewahi kumwona mwenye kadi. Kijana akasema hapana, mama, humwona yeye tu. Akamwuliza kama alijua mwenye kadi ameolewa. Hapana. Kama alijua dawa hii inamfanya nini mtoto tumboni. Hapo kijana akasema anajua, ila yeye hutoa kilichoandikwa, na daktari humwona mgonjwa akiletwa.

"Na mimi hushona kilichochorwa," alisema Mama Cherehani, na sauti yake ilifika mwisho wa foleni. "Lakini mtu akiniletea kipimo cha alipokuwa na miaka kumi na sita, namwambia aje nimpime upya. Nguo tu, mwanangu. Nguo. Wewe ulikuwa na mtu mzima mkononi, ukapiga muhuri."

Foleni nzima iliangalia sakafu.

Aliporudi chumbani, mkunga alikuwa amekwisha kuandika barua kwa daktari wa kifafa, miadi Jumanne ijayo, mgonjwa aje mwenyewe. Binti angebadilishiwa dawa kidogo kidogo, kwa miezi, na kijiti kibaki mpaka mwili uizoee dawa mpya na kifafa kitulie. Alipewa na vidonge vya foliki, vitamini ya kukinga uti wa mgongo wa mtoto, vile vikali vya miligramu tano kwa sababu ya mtoto wa kwanza, avinywe kuanzia sasa hadi miezi mitatu ya mimba, ingawa navyo havifuti hatari ya dawa ile. Halafu mkunga akamshika binti mkono.

"Sikiliza. Usiiache dawa hii kwa hasira. Ukiiacha ghafla unaweza kuanguka vibaya kuliko zamani, na wewe unafanya kazi kwenye moto. Mpaka daktari aseme, endelea."

Nyumbani, binti hakuketi. Alikusanya nguo zake kwenye mfuko. Mama Cherehani alimfuata nyuma akimlaani mtoa dawa, akimlaani daktari asiyeuliza habari za mgonjwa wake, mpaka binti alipogeuka.

"Wao hawanijui, mama. Wewe unanijua."

"Nimefanya nini mimi?"

"Siku ya maziko, shangazi wa mume wangu alisimama hapa sebuleni akasema nimeleta mkosi kwenye ukoo. Ulikuwa umekaa pale. Uliniangalia, ukanyamaza. Miaka miwili nimelala na neno lile, najiuliza nimekosa nini. Kumbe sikukosa. Niliwatii tu."

Mama Cherehani alijikuta amekaa kwenye kiti kile kile.

Binti akaondoka kwenda kwa dada yake. Kopo alilitazama, akaliacha mezani. Mwanawe aliporudi kutoka karakana akaambiwa yote. Akainamisha kichwa akaenda kumfuata mkewe, lakini mlangoni kwa dada aliambiwa arudi, mkewe atamwona atakapokuwa tayari.

Usiku ule Mama Cherehani hakugusa kopo. Alilichukia. Alfajiri yake mwili ulimwamsha kwa mazoea, mkono ukanyooka gizani, ukarudi. Angewezaje tena kumtolea mtoto wa watu kitu kile? Alikaa kwenye kiti akiwa na hasira na kopo, na dirisha, na shangazi, na zaidi ya wote na yule mwanamke aliyekaa sebuleni siku ya maziko akanyamaza.

Kisha akakumbuka moto.

Dozi ya jana jioni haikumezwa. Ya asubuhi iko hapa. Na mkwewe sasa hivi amesimama mbele ya mdomo wa tanuri, na koleo refu mkononi.

Alilibana kopo kwapani akatoka na kandambili, kila mguu na kandambili ya aina yake. Njia nzima vidonge viligonga bati. Alifika mlango wa nyuma wa tanuri akihema, akapata harufu ya mkate na kumwona binti kati ya magunia ya unga, yu mzima.

"Umekuja na hilo," alisema binti.

"Nimekuja na hili. Nalichukia kuliko unavyolichukia wewe. Lakini meza, mwanangu. Dozi ya asubuhi tu, ya jana usiifidie."

Binti hakunyoosha mkono. Alisema hajasahau. Alikusudia. Alitaka mwili wake upumzike na kitu chao walau siku moja.

"Hasira yako ni halali," alisema Mama Cherehani. "Usiilipie wewe. Niache niilipie mimi. Leo nikitoka hapa naenda kwa shangazi, nakaa sebuleni kwake mbele ya watu wake, nasema neno nililopaswa kusema siku ile. Hukuleta mkosi. Tulikupa dawa, ukainywa, na hakuna aliyekuuliza."

"Utasema mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Akinifukuza nitasemea barabarani."

Kona ya mdomo wa binti ilitikisika, ila hakucheka. Alifungua kifuniko mwenyewe. Vidonge viwili viligonga bati. Mwokaji mwenzake, mzee asiyeuliza habari za watu, alimsogezea kikombe cha maji na kushika koleo badala yake, akamwonyesha kwa kidevu akakae kwenye gunia, mbali na moto.

Alimeza. Bado macho yake yalikuwa makavu na makali.

"Sirudi nyumbani leo," alisema.

"Sijakuomba."

Mama Cherehani aliweka kopo juu ya meza ya unga, akageuka kuondoka na kandambili zake zisizofanana. Alikuwa amefika mlangoni aliposikia nyuma yake:

"Mama. Jumanne ya daktari, uje twende wote. Na kesho pia uje hapa. Unieleze shangazi alisema nini."