Mwezi wa Pili wa Marwa

Usiku wa kuamkia siku ya kuonana na mkopeshaji, Marwa wa mtaa wa Buyenzi aligundua kosa katika mpango wa duka lake la vipuri. Faida ilikuwepo, lakini magereji hulipa baada ya mwezi, na tangu nchi iwekewe vikwazo vya biashara wauzaji wa jumla walitaka pesa taslimu. Mwezi wa pili wa biashara angeishiwa pesa. Akaandika upya hadi alfajiri: magereji yatalipa nusu kwanza, marejesho ya mkopo yataanza mwezi wa nne.

Asubuhi Valéry, mkopeshaji, aliutupa mpango mezani. "We mutoto, mi nitangoja miezi tatu?"

"Ukinidai mwezi wa pili, patron, utakuta duka limefungwa. Angalia hesabu."

Aliangalia, akasonya. "Basi riba inapanda."

"Apana. Nipe karatasi zangu."

Valéry alizikandamiza kwa kiganja. "Kaa chini!" alifoka. "Utaanza mwezi wa nne, riba ile ile."