Mkopo wa Mama Haukuwa Mauzo

Nilichokiona kwanza asubuhi ile ni shingo ya mama mkubwa. Utepe wa kupimia haukuwepo. Ulikuwa mezani, juu ya bahasha ya ofisi ya kodi.

Karakana yetu hushona sare za shule. Miaka mitatu mfululizo imekula hasara. Mama yangu, mdogo wake mama mkubwa, yuko ng'ambo anatunza wazee wa watu. Ndiye anayetukopesha fedha za vitambaa. Mimi natia vifungo na kujifunza cherehani.

"Faida yenyewe hatuijui sura yake," mama mkubwa alimwambia mhasibu wetu. "Wanatoza nini?"

"Hii haiulizi faida, dada. Ni kodi ya kima cha chini. Hasara ikikaa miaka mitatu, wanachukua asilimia ndogo ya mauzo."

"Kwa hiyo mgonjwa analipia kupumua."

"Ndiyo hivyo. Ila mauzo haya waliyoandika ni makubwa mno. Tukilipa kwa haya, tutauza cherehani."

Nikaitazama ile ninayojifunzia. Ndiyo mpya, ndiyo ingepata mnunuzi.

Mhasibu alipolinganisha hesabu na taarifa za benki, akacheka peke yake. Ofisi ilikuwa imehesabu kila kilichoingia benki kuwa mauzo, na fedha za mama zimo.

Tukapeleka hesabu, maelezo na mkataba wa mkopo. Ofisa alisoma bila haraka.

"Hasara nimeiona, mama, lakini haifuti kodi hii. Mkopo ndio si mauzo, nitautoa. Mkopeshaji aandike kwamba deni bado lipo, na mtalilipa lini."

Jioni tukampigia mama. Mimi ndiye niliyeshika simu, sauti nje.

"Deni lipo," mama alisema. "Nitawaandikia. Mtanilipa karakana ikisimama. Hapo nitarudi, nijenge."

"Utarudi na mkongojo," mama mkubwa akamtania.

"Nitakuchapa nao. Mwanangu yupo?"

"Yupo, kimya chake kile kile."

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Unakula?"

"Nakula."

Nikampa mama mkubwa simu.

Barua yake ilipokelewa. Madai mapya yakaja, yamehesabiwa kwa sare tulizouza tu. Tukalipa bila kuuza kitu, na utepe ukarudi shingoni.

Mhasibu alinionyesha ukurasa wa madeni, palipoandikwa mkopo wa mama.

"Mstari huu ndio umeokoa cherehani yako," alisema. Alikuwa na furaha, nami nikatabasamu ili nisimharibie.

Nilikuwa nikiwaza kwamba mama yuko pale, kwenye mstari ule, na kwa hasara zetu hizi hatoki leo wala kesho.

Kwenye simu sikusema. Nasema sasa: mama, usisubiri tukulipe. Rudi.