Hisa Tatu za Cheche

Siku ya kugawana akiba ya kikundi, wanachama walikaa darasani kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Katibu alisoma majina mpaka akamfikia mchomeleaji wa mageti, waliyezoea kumwita Cheche. Vikao sita hakuonekana, akasema katibu, wala hakutoa taarifa. Faini elfu moja kila kikao, jumla elfu sita. Kwa kuwa hisa hununuliwa elfu mbili, amefutiwa hisa tatu.

Cheche aliitikia kwa kichwa. Kwenye kitabu chake mihuri mitatu, kila mmoja hisa moja, ilikuwa imepigwa mstari wa kalamu nyekundu. Aliitazama kama mali ya mtu mwingine.

Wiki zile sita alikuwa hospitali, kando ya kitanda cha kaka yake. Taarifa angeweza kutuma. Simu alikuwa nayo mkononi. Lakini angelazimika kusema kwamba kaka haponi, na neno lile hakuweza kulitamka. Wiki ya sita wakazika.

Mjane wa kaka, muuza mitumba, naye ni mwanachama. Alisimama, kitabu cha katiba mkononi. Wiki ya msiba katiba inaisamehe, alisema, kwa hiyo faini ni tano. Hizo tano Cheche atalipa; hakuna anayekataa. Lakini faini ni pesa, si hisa.

"Hisa mlizofuta zilinunuliwa elfu mbili," alisema. "Leo moja, pamoja na faida, inalipa elfu mbili mia tisa. Mnamdai elfu tano, mnamkata elfu nane na mia saba. Hiyo iliyozidi ni faini ya nini?"

Katibu akachukua kikokotoo. Hisa tatu zikirudi, alisema bila kuinua macho, hesabu inaanza upya, na kila hisa itashuka kama shilingi nne.

Wakanung'unika. Fundi saa akasema shilingi nne si kitu, ila wamekaa tangu saa nane na njaa inauma. Mwenyekiti akamgeukia Cheche. "Mwenye faini ni wewe. Unasemaje?"

Cheche aliona nyuso zote zimemwelekea. Akatafuta hasira ndani yake, au hata haya, akakuta patupu.

"Vyovyote," alisema.

"Si vyovyote," shemeji yake akasema taratibu. "Mwenye kitabu ni wewe."

Wakapiga kura kwa mikono. Upande wa shemeji ukashinda kwa tofauti ya mikono miwili. Katibu akapiga hesabu upya, akaandika "imerejeshwa" kando ya kila muhuri, akatia saini, akatoa elfu tano kwenye malipo ya Cheche. Cheche akapokea zilizobaki, akazitia mfukoni bila kuhesabu.

Nje, shemeji alimuuliza kama amwandikishe kwa mzunguko mpya wa akiba. Cheche akajibu amwandikishe. Kisha, akitazama barabara, akasema, "Nilishindwa kuwaambia kwamba anakufa."

"Hata mimi sikuwaambia," alijibu shemeji. "Nilisema tu ana homa."

Jumamosi iliyofuata Cheche alifika mapema, akanunua hisa mbili.