Mabuu kwenye Kisigino cha Baba

Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuwachukia mabuu, ni Daktari wa Ng'ombe. Jina hilo alipewa na baba yake, fundi viatu, siku aliyohitimu tiba ya mifugo, na halikumtoka tena. Jumatatu hiyo asubuhi alikuwa amepiga magoti zizini, ndama kalazwa ubavu, kitovu chake kimevimba na kunuka. Ndani walijaa mabuu wamejichimbia vichwa chini, mikia juu ili wapumue, kila mmoja na pete za vimiiba mwilini za kumfanya ang'ang'anie. Hawa hawasubiri nyama ioze. Wanakula nzima, ya mnyama aliye hai, na ukichelewa siku chache ndama humwoni tena. Akawatoa mmoja mmoja kwa kibanio, akawatumbukiza kwenye spiriti, kisha akapuliza kidonda dawa ya zambarau inayoua mabuu na kufukuza nzi. Akanawa, akapanda pikipiki kwenda hospitali kumwona baba.

Huko akamkuta muuguzi wa vidonda ameshika kichupa cha mabuu.

"Hapana," akasema, hata salamu hajatoa.

"Karibu, dada," muuguzi akamjibu. "Kaa kwanza."

Ukweli ni kwamba nafasi ya kukataa haikuwepo. Sukari ilikuwa imemla fundi viatu kisigino cha kushoto kwa miezi mitatu. Kidonda kilijaa nyama iliyokufa, ya njano na nyeusi kingoni, na kila ilipokwanguliwa ilirudi. Daktari wa upasuaji alikuwa amesema waziwazi: mishipa bado inapitisha damu, lakini kidonda kisiposafika hadi Jumatatu ijayo, atakata chini ya goti kabla uozo haujapanda.

"Mimi nimetoka kuwaua hawa kwenye ndama sasa hivi," Daktari wa Ng'ombe akasema. "Wanakula kiumbe akiwa hai!"

"Wale wa ndama ni nzi wengine. Wewe unajua kuliko mimi. Hawa mayai yao yamesafishwa maabara, na nzi wao anapenda kilichokufa tu. Wanatema mate ya kuyeyusha uozo, halafu wanaunyonya. Hata vijidudu vya usaha wanaviua. Siku tatu, tunawatoa. Hawazai humo, bado watoto."

"Wewe mwenyewe uliwahi kuwafuga," baba akadakia kutoka kitandani. "Umesahau? Mgongoni, ukiwa na miaka sita. Nguo ilianikwa chini, nzi akaitagia mayai, na haikupigwa pasi."

Hakusahau. Lilikuwa kama jipu lenye kitundu kinachopumua. Baba alipaka mafuta ya mgando mpaka buu akakosa hewa, akachungulia, kisha baba akamkamua kwa vidole vyake vigumu vya kushonea ngozi huku akimwimbia bintiye ili asilie. Daktari wa Ng'ombe akavuta kiti, akakaa. Muuguzi akawamimina mabuu kidondani, wadogo kama chengachenga za mchele, akawafunika kwa wavu na shashi nyepesi.

"Wapate hewa," akaonya. "Usifungue, usipake kitu chochote. Mzee anaweza kurudi nyumbani. Alhamisi mje."

Jumanne alasiri akapita nyumbani kwa baba. Mzee alikuwa anasinzia kwenye kiti cha karakana yake, mguu juu ya stuli. Mezani palikuwa na kiatu kipya cha kahawia, cha kulia, kimeshonwa kikamalizika, saizi yake mwenyewe. Cha kushoto hakikuwepo. Ngozi iliyobaki alikuwa ameikata viraka vya viatu vya watu. Daktari wa Ng'ombe alikitazama kile kiatu kimoja, akakigeuzageuza mkononi.

Ndipo nzi akatua kwenye bandeji. Nzi mmoja tu, wa kawaida, wa jalalani.

Mazoea yana taabu. Miaka kumi na tano, nzi akitua kwenye kidonda, mkono huingia kwenye mkoba wa kazi bila kuuliza kichwa. Ukaingia. Pss, pss. Zambarau ikatambaa kwenye shashi, na hapo ndipo kichwa kilipofika, kimechelewa kama kawaida yake. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akabadilisha shashi ya juu haraka, akaificha iliyochafuka mkobani, akajiambia huenda haikufika ndani. Baba alikuwa bado amefumba macho.

Alhamisi muuguzi alifungua wavu, akainama, akainua taa.

"Wamekufa," akasema. "Wote."

Uozo ulikuwa palepale. Muuguzi akavuta pumzi. "Inatokea. Kidonda kikilowa sana wanazama. Au basi tu, mzee, mguu wako hauwataki. Nitamwandikia daktari kwamba tumejaribu, imeshindikana. Sioni sababu ya kupoteza kundi lingine."

Akachukua kalamu. Hakuna aliyejua. Daktari wa Ng'ombe alikuwa na jina mjini, wafugaji walimwamini na mitamba yao, na sasa aseme alimpulizia baba yake dawa ya mifugo? Akamtazama baba. Mzee alikuwa anatazama dari, midomo ikimchezacheza.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi yenyewe hayakuwa yake.

"Ni mimi," akasema. "Nzi alitua. Nikapuliza dawa ya ndama. Nikaficha. Tafadhali usiandike hivyo, dada. Mguu hauna kosa."

Kalamu ikasimama. "Dawa ya ng'ombe? Kwenye mguu wa binadamu? Na wewe umesoma?" Muuguzi alifoka, akafoka tena, huku akiosha kidonda kwa maji ya chumvi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka. "Kundi jipya linafika kesho. Toka hapo mpaka Jumatatu asubuhi ni siku tatu. Mkoba wako utaniachia mimi."

"Chukua," akasema, na machozi yakamtoka bila ruhusa.

"Nilisikia harufu," baba akasema taratibu. "Juzi ileile."

"Baba! Na ukanyamaza?"

"Nilitaka useme mwenyewe. Hapa nilikuwa nahesabu mpaka kumi, halafu nikuchongee. Nilikuwa nimefika tisa."

Ijumaa wakaingia mabuu wapya. Jumamosi mzee alilalamika kwamba anatekenywa. Jumapili akasema wanamchoma kidogokidogo, akaulizwa kama wamwite muuguzi, akajibu kuwa mguu unaouma ni mguu uliopo. Daktari wa Ng'ombe alikaa siku mbili nzima karibu na stuli akipepea nzi kwa gazeti, mikono mitupu.

Jumatatu daktari wa upasuaji alikuja mwenyewe. Wavu ukafunguliwa. Mabuu walikuwa wamenenepa, kila mmoja urefu wa ukucha, wamejibanza pamoja kama walioshiba karamu. Muuguzi akawaondoa kwa maji na kuwafungia kwenye mfuko wa taka za hospitali. Chini yao hapakuwa na njano wala nyeusi. Palikuwa na nyama nyekundu, safi, inayovuja damu kidogo ilipoguswa.

Daktari wa upasuaji akabonyeza, akanusa, akabonyeza tena.

"Sikati," akasema. "Kitachukua wiki nyingi kufunga, lakini sikati."

Daktari wa Ng'ombe alikaa chini sakafuni. Alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Muuguzi akamrudishia mkoba wake.

"Nimekulisha wewe miaka ishirini," mzee akamwambia bintiye, "hao nimewalisha siku tatu. Sasa sema mwenyewe nani kanifaa."

"Baba, acha."

"Siachi. Ukitoka hapo pita dukani uninunulie ngozi. Ya kahawia." Akautazama mguu wake wa kushoto uliokuwa ukifungwa bandeji nyeupe. "Kuna kiatu pale mezani kinamngoja mwenzake."