Kaunda Suti ya Mahona

Serikali ilipowafungulia watu biashara na kila mwenye gunia la chumvi akawa tajiri mtarajiwa, Mahona alifungua duka hapa Dutwa. Akaja kwenye cherehani yangu, barazani jirani na duka lake, kuagiza Kaunda suti ya kubana, ili aaminike.

"Utabeba magunia," nikamwambia. "Nikushonee koti la kaki, pana mgongoni, lenye nafasi kwapani, lisiloonyesha vumbi."

"Mama Generoza, mimi si mpagazi."

Sawa, bosi. Nikabana.

Asubuhi ya kwanza alisimama nyuma ya kaunta kama mgeni rasmi. Bibi Milembe aliingia kununua sukari, akamtazama kuanzia kola hadi mifuko yote minne, kisha akaitazama mizani. Makarani wa pamba waliotupunja miaka yote walivaa suti hiyo hiyo.

"Nimesahau kitu nyumbani," akasema, akavuka barabara hadi duka la pili. Siku hiyo Dutwa nzima ilikuwa na usahaulifu.

Siku ya tatu Mahona aliinama kunyanyua gunia la chumvi. Suti ikapasuka kuanzia kwapani hadi kiunoni, na suruali nayo haikukubali kubaki nyuma. Walioketi barazani kwangu wakauona uaminifu wake wote.

Nikamshonea koti la kaki. Wiki iliyofuata Bibi Milembe alichungulia, akamkuta ana unga begani, akamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Yule karani wa mizani yuko wapi?"

Mahona akanitupia jicho.

"Amehamishwa, mayu, mama yangu."

"Afadhali. Nipimie kilo mbili."